Roboti Inayozimika Ngara na Kufanya Kazi Kampala

Tuseme roboti ndogo ya magurudumu inapita kati ya mistari ya kahawa huko Ngara, ikiongozwa na ROS 2 na Nav2, programu huria za roboti. Ramani yake inatumia kuratibu za UTM moja kwa moja kutoka kwenye GPS. Mara inakwenda vizuri, mara mfumo wa uongozaji unazimika ghafla na kwenye skrini unabaki mstari wenye `process has died` na `exit code -11`. Kisa hiki ni cha mfano, lakini hesabu yake ni ya kweli, na inaonyesha ripoti ya hitilafu inavyojengwa hadi msimamizi wa programu aliye mbali aweze kuifanyia kazi.

Hiyo 11 tayari inasema jambo: programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Haisemi ni wapi. Kwa hiyo nodi inajengwa upya kwa alama `-g`, inaendeshwa ndani ya gdb, na ikizimika unaandika `bt`. Orodha ya wito itakayotoka iingie nzima kwenye ripoti, bila kukatwa. Hapa tuseme inaishia kwenye programu-jalizi ya kufuata njia, pale inapotafuta kisanduku cha ramani kwa namba -2147483648. Hakuna ramani yenye kisanduku hicho. Namba ya namna hii mara nyingi hutokea pale NaN, yaani jibu la hesabu isiyo na jibu, inapogeuzwa kuwa namba kamili.

Basi NaN imetoka wapi? Hapa ndipo Ngara inapoingia. Kusini mwa ikweta, UTM huipa ikweta mita 10,000,000 na kuhesabu kurudi chini ili namba zisiwe hasi. Ngara, nyuzi kama 2.5 kusini, inapata karibu 9,723,700 upande wa kaskazini. Sasa, umbo la roboti katika ROS 2 husafirishwa kwa ujumbe wa `geometry_msgs/Polygon`, ambao kona zake ni `Point32`, namba za desimali za biti 32. Kwa ukubwa huo wa namba, biti 32 hazina nafasi ya sehemu ya mita: baada ya 9,723,700 inayofuata ni 9,723,701. Roboti yenye upana wa sentimita 40 inaweza kujikuta kona zake mbili zimekaa mahali pamoja.

Kampala iko ukanda uleule wa 36, ila kaskazini mwa ikweta, ambako namba hiyo ni kama 35,000. Hapo hatua kati ya namba na namba ni chini ya milimita 4, na hitilafu haionekani kabisa. Mfano mdogo wa ripoti basi hauhitaji roboti, GPS wala ramani:

```python
import numpy as np

def mwelekeo(y):
    a = np.array([239000, y], dtype=np.float32)
    b = np.array([239000, y + 0.4], dtype=np.float32)
    d = b - a
    return d / np.linalg.norm(d)

print(mwelekeo(35000.0))    # [0. 1.]
print(mwelekeo(9723700.0))  # [nan nan]
```

Kilichobadilika ni `y` peke yake. Ubavu umekuwa na urefu sifuri, na sifuri imegawanywa kwa sifuri.

Mfano huu unaeleza pia kwa nini hitilafu huja na kuondoka, jambo ambalo lingemfanya msimamizi aone ripoti haina msingi. Upande wa mashariki, Ngara iko kwenye mita 239,000 hivi, na hatua ni sentimita 1.6 tu. Ubavu ukielekea kaskazini hasa, unatoweka. Ukigeuka nyuzi chache, tofauti ya mashariki inauokoa, ingawa mwelekeo unaotoka si sahihi. Tena kona mbili zikiangukia pande tofauti za nusu mita, sentimita 40 zinageuka mita nzima.

Ripoti itaje pia aina ya prosesa, si toleo la ROS 2 na mfumo endeshi peke yake. Kugeuza NaN kuwa namba kamili hakuna jibu lililowekwa katika C++. Kompyuta mpakato ya Intel kwa kawaida hutoa ile namba hasi kubwa na programu huzimika. Prosesa ya ARM, kama ya Raspberry Pi, kwa kawaida hutoa 0: roboti inaendelea kutembea huku ikisoma kisanduku kisicho chake. Hilo la pili ndilo la hatari zaidi, kwani hakuna linaloonekana kuharibika.

Kukagua urefu sifuri kabla ya kugawanya kutazuia kuzimika, lakini umbo litabaki limevurugika. Dawa ni kuchagua kituo cha karibu na shamba na kukitoa kwenye kuratibu zikiwa bado za biti 64, ndipo zipunguzwe kuwa za biti 32. Hata kilomita 10 kutoka kwenye kituo hicho, hatua inabaki milimita 1.