Ugali Mara Moja kwa Siku: Mlo wa Mkimbiaji Mwenye Siliaki

Mahindi, mtama, wimbi, mchele, muhogo na viazi vitamu havina gluteni. Kwa hiyo mkimbiaji wa Iten akiambiwa ana siliaki, yaani mwili wake huushambulia utumbo mwembamba kila anapokula ngano, shayiri au rai, watu humwambia aache chapati na mandazi tu, ugali aendelee nao. Lakini nchi anayofanyia mazoezi ni nchi ya ngano. Mashamba ya Uasin Gishu yako jirani, na mashine inayosaga mahindi asubuhi huenda ikasaga ngano mchana. Mpango ninaouchambua hapa, wa mkimbiaji wa kike wa kilo 50, umejengwa kuzunguka tatizo hilo.

Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Unga wa ngano una gluteni takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kwa hiyo gramu moja tu ya ngano ikibaki mashineni na kuingia kwenye kilo moja ya unga wa mahindi, kilo hiyo ina miligramu 100. Jicho halioni, ulimi hauonji.

Siku ya mbio ndefu anahitaji wanga wa gramu 8 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 400. Akizitafuta zote kwenye ugali, atakula zaidi ya nusu kilo ya unga, na kwa unga ule wa gramu moja ya ngano atakuwa amemeza zaidi ya miligramu 50 za gluteni. Utafiti umeonyesha kwamba miligramu 50 kila siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utumbo. Hapo ndipo uamuzi mkuu wa mpango ulipotoka: nguvu zitoke kwenye vyakula vizima vinavyomenywa au kuoshwa, na unga ubaki wa mlo mmoja.

Kabla ya kukimbia hula ndizi mbivu mbili na chai yenye sukari, kama gramu 60 za wanga, nyuzi kidogo, tumbo halilemewi njiani. Akirudi, nusu kilo ya viazi vitamu vya kuchemsha humpa karibu gramu 100. Huvila na mala badala ya maziwa yasiyochachushwa, kwa sababu utumbo ulioumia mara nyingi hushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa mpaka upone. Mchana ni wali na maharagwe, gramu 115. Saa kumi alasiri, vipande vya nduma, gramu 60. Usiku ugali wa gramu 100 za unga pamoja na sukuma wiki, gramu 75 hivi. Jumla inapita 400, na unga uleule uliochafuka ungempa miligramu 10 badala ya 50.

Hata hivyo miligramu hizo 10 hazifai kuzoeleka, kwa hiyo unga nao unashughulikiwa. Nafaka hununuliwa nzima na kupembuliwa kwenye ungo. Punje ya ngano hujitambulisha kwa ule mfereji unaopita katikati ya tumbo lake, na kwenye wimbi kazi ni nyepesi zaidi, kwa kuwa wimbi hupita kwenye chekecheo na ngano hubaki juu. Kisha hutafutwa mashine isiyosaga ngano kabisa. Kutanguliza kilo chache za mahindi ili zisafishe mashine na kuwapa kuku hupunguza mabaki, ila ngano hung'ang'ania kwenye chekeche na kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea unga, kwa hiyo njia hiyo siiamini. Unga wa uji wa dukani uliochanganywa tayari nao husomwa kifurushi, kwani baadhi huwekwa ngano.

Jikoni kambini ana sufuria na mwiko wake. Mwiko wa mbao uliokoroga unga wa ngano hauaminiki hata ukioshwa.

Udhaifu wa mpango uko kwenye madini ya chuma. Hunyonywa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, palepale siliaki inapoumiza zaidi, na mkimbiaji anayahitaji kutengeneza damu ya mwinuko wa mita 2,400. Wimbi lina chuma, ila lina pia viambata vinavyokizuia. Ndiyo maana uji wake, siku anapounywa, huchachushwa usiku kucha kwanza. Chai nayo huzuia, kwa hiyo hainywewi na maharagwe wala na sukuma wiki, husubiri saa moja.

Tumbo kutulia si ushahidi wa kutosha, maana wapo wanaoumia utumbo bila kuhisi chochote. Kipimo cha kingamwili za siliaki kwenye damu hurudiwa baada ya miezi sita, pamoja na akiba ya chuma, yaani feritini. Kingamwili zisiposhuka, swali la kwanza ni la mashine ya kusaga. Zikishuka huku feritini ikibaki chini, daktari aangalie damu ya hedhi na ukubwa wa mazoezi kabla ya kuulaumu mlo.