Nani Alimpiga Risasi Nani? Ushuhuda wa Mauaji na Utata wa Kimaadili katika Filamu za Kauboi, 1939–1992

Uhakiki wa filamu za kauboi umezoea kueleza historia yake kwa hatua mbili. Kwanza palikuwa na shujaa mwema na jambazi mwovu, kila mmoja akitambulika tangu anapoingia. Kisha Marekani ikapigana Vietnam, imani ya taifa ikatikisika, na shujaa akachafuka. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayaelezi mengi. Shujaa wa mwaka 1939 alikwisha kuwa mfungwa mtoro anayekwenda kuua watu kwa kisasi, na bado watazamaji walimwona msafi. Kwa hiyo uchafu haukuanza kwa matendo ya mhusika. Makala hii inadai kwamba ulianza pale filamu ilipouliza swali jingine: ni nani anayetoa taarifa ya mauaji, na taarifa hiyo inaaminika kwa kiasi gani? Dai hilo linafuatiliwa hasa katika filamu tatu: Stagecoach (1939) na The Man Who Shot Liberty Valance (1962), zote za mwongozaji John Ford, na Unforgiven (1992) ya Clint Eastwood.

Kisasi kilichoruhusiwa

Katika Stagecoach, Ringo Kid, anayeigizwa na John Wayne, ametoroka jela ili awaue ndugu wa ukoo wa Plummer waliomuua baba yake na kaka yake. Safari nzima ya gari la farasi inaelekea kwenye pambano hilo mjini Lordsburg. Hata hivyo, linapofika, mtazamaji halioni. Ringo anajitupa chini na kufyatua, na kamera inaondoka hapo. Milio ya risasi inasikika. Luke Plummer anaingia baa akiwa wima, na kwa kitambo kidogo mtazamaji anadhani ndiye aliyeshinda, kisha anaanguka. Maiti nyingine hazionyeshwi. Sherifu aliyepaswa kumrudisha Ringo jela anamwachilia aende zake na mwanamke anayempenda, na wala hapafunguliwi shauri.

Kimya hicho kilikuwa na sababu zaidi ya moja. Ford alijua nguvu ya kumwachia msikilizaji akisie. Lakini pia zilikuwepo kanuni za maadili za kampuni za filamu za Hollywood, zilizoandikwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934. Kanuni hizo zilikataza kuonyesha mauaji ya kikatili kwa undani, na zilikataza kuhalalisha kisasi katika hadithi za zama za kisasa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Maelezo ya kanuni yaliacha mlango wazi kwa zama na nchi ambazo sheria yake haijakomaa, na kauboi alipita katika mlango huo. Shujaa wa filamu ya mjini aliyelipiza kisasi kwa mkono wake alitakiwa aadhibiwe kabla ya filamu kwisha, ilhali mwenzake wa jangwani aliondoka na mchumba. Wepesi wa kimaadili wa filamu za awali, basi, haukutokana na ujinga wa hadhira. Uliundwa kwa makusudi, kwa kuamua nini kionekane, na kwa kuiweka hadithi katika wakati ambao hakuna wa kuuliza.

Hapa msamiati wa watazamaji wa Kiswahili unasaidia. Katika kumbi za sinema na vibanda vya video vya Afrika Mashariki, mhusika mkuu aliitwa stelingi, na kila mtoto alijua kwamba stelingi hafi. Neno hilo halisemi kuwa mtu huyo ni mwema. Linataja nafasi yake katika mchezo tu: ndiye ambaye hadithi inamlinda. Pengine ni istilahi sahihi kuliko “shujaa”, ambayo wahakiki wameitumia kana kwamba wema umo ndani ya mtu, wakati ukweli ni kwamba umo katika namna anavyosimuliwa.

Tukio moja, kamera mbili

Miaka 23 baadaye Ford alilirudia suala hilohilo, na safari hii akaufungua mlango alioufunga. Seneta Ransom Stoddard (James Stewart) anafika kwa treni katika mji wa Shinbone kumzika mtu asiyejulikana, Tom Doniphon (John Wayne). Mhariri wa gazeti anataka kujua sababu, na seneta anasimulia. Karibu filamu yote ni simulizi lake.

Alipokuwa wakili kijana, Stoddard aliyejaa sheria kichwani na asiyejua bastola alikabiliana usiku na jambazi Liberty Valance (Lee Marvin). Mtazamaji anaona wazi: Stoddard amevaa aproni ya kazi ya mgahawani, mkono wake wa kulia umejeruhiwa, anaokota bastola kwa mkono wa kushoto, anafyatua, na Valance anaanguka. Sifa ya risasi hiyo inampeleka kwenye siasa. Katika mkutano wa uteuzi wapinzani wanamshutumu kwamba mtaji wake ni damu ya mtu, naye anataka kujitoa. Ndipo Doniphon anapomweleza kilichotokea, na tukio linaonyeshwa mara ya pili. Sasa kamera imesimama katika kichochoro cha pembeni. Pompey, mfanyakazi Mweusi wa Doniphon, anamrushia bwana wake bunduki. Doniphon anafyatua kutoka gizani wakati uleule ambao Stoddard anafyatua, na risasi iliyomuua Valance ni hiyo. Doniphon mwenyewe hauiti ushujaa. Anakiri kuwa ni mauaji yaliyofanywa kwa damu baridi.

Onyesho la kwanza halikuwa na uongo wowote ndani yake. Kila kilichoonekana kilitokea. Kilichokosekana ni mahali pa kusimama. Mtazamaji alikuwa shahidi wa macho na bado angetoa ushahidi usio sahihi mahakamani. Katika filamu ya mwaka 1939 kamera ilimficha mauaji lakini ikamwachia uhakika. Katika ya 1962 ilimwonyesha mauaji, kisha ikamnyang’anya uhakika huo. Badiliko hilo ni kubwa kuliko la kumpaka shujaa matope, kwa kuwa linamgusa anayetazama, si anayetazamwa pekee.

Mhariri anaposikia ukweli anachana karatasi alizoandikia na kuzitia motoni, akishikilia kwamba hekaya ikishakuwa ukweli wa watu, hekaya ndiyo ya kuchapishwa. Kauli hiyo imenukuliwa mara nyingi kama msimamo wa Ford. Usomaji huo hauwezi kutetewa. Mhariri anaificha habari, lakini filamu yenyewe imekwisha kuitoa mbele ya ukumbi mzima. Seneta anaondoka akiwa mtu aliyepata kuwa gavana na balozi kwa sifa isiyo yake, na mhudumu wa treni anamkirimu kwa sababu ndiye aliyemuua Liberty Valance. Uso wa Stewart wakati huo unatosha kuwa hukumu.

Kuna jambo moja ambalo hata filamu hiyo haikulimaliza. Mtu pekee aliye hai, mbali na seneta, anayeijua siri hiyo kwa macho yake ni Pompey, aliyeigizwa na Woody Strode. Yumo chumbani kando ya jeneza tangu mwanzo. Hakuna mwandishi anayemuuliza. Katika onyesho jingine, akiwa darasani kwa Stoddard, anasahau kifungu cha tamko la uhuru kinachosema watu wote wameumbwa sawa, na katika baa muuzaji anasita kumpa kinywaji. Ford aliyaweka mambo hayo waziwazi, kisha akampa Pompey kimya na hela kidogo za senetani. Utata wa filamu bado ni utata wa watu wawili weupe.

Walioandikwa na wasioandikwa

Mwaka 1968 kanuni za zamani zilifutwa na mfumo wa kupanga filamu kwa umri wa watazamaji ukaanza. Damu iliyokuwa ikifichwa ilijaa kwenye skrini katika The Wild Bunch (1969). Habari za mauaji ya My Lai zilipofichuka mwishoni mwa 1969, zikafuata filamu kama Soldier Blue (1970), iliyojenga kilele chake juu ya mauaji ya Wacheyenne na Waarapaho huko Sand Creek mwaka 1864. Mshale wa wema uligeuzwa, na jeshi likawa ndilo jambazi. Kugeuza, hata hivyo, si kutatiza. Katika Soldier Blue macho yanayoshuhudia ni ya askari na mwanamke weupe, na wanaouawa hawapewi nafasi ya kusimulia. Filamu nyingi za kipindi hicho zilibadili jina la mwovu zikabaki na usimulizi uleule wa mwaka 1939.

Unforgiven iliichukua njia ya Liberty Valance. Chanzo cha hadithi ni kisa cha mwanamke wa danguro, Delilah, aliyekatwa uso kwa kisu na kauboi mmoja mbele ya mwenzake. Sherifu Little Bill (Gene Hackman) anaamuru fidia ya farasi, nayo inakwenda kwa mwenye danguro. Wanawake wanachanga dola 1000 kwa atakayewaua wanaume hao. Habari inapomfikia William Munny (Eastwood), muuaji mzee aliyeacha, imekwisha kunenepa: macho yametobolewa, viungo vimekatwa. Munny anapoisimulia kwa rafiki yake Ned, haipungui.

Katikati ya filamu yumo mwandishi wa vijitabu, Beauchamp, anayefuatana na mpigabastola English Bob ili kumtukuza. Little Bill anakisoma kijitabu hicho kwa dhihaka na kukisahihisha: aliyeitwa bingwa alikuwa mlevi, na aliyeuawa alishindwa kujitetea kwa sababu bastola yake ilipasuka. Beauchamp anavutiwa na usahihi huo, anamhamia sherifu na kuanza kumwandika yeye. Kinachobadilika ni aliye upande wa kalamu.

Mauaji yanayofuata hayana umbo la pambano. Kijana Davey, ambaye hakushika kisu na hata alimletea Delilah farasi wa ziada, anapigwa tumboni kutoka mbali na kufa polepole akiomba maji, mpaka Munny anawapigia kelele wenzake wampe. Wa pili anauawa akiwa chooni. Kabla ya hapo Munny amekwisha kumwona Delilah na kuongea naye. Macho yake yapo, vidole vyake vipo. Ukweli umesahihishwa mbele yake, na kazi inaendelea. Hapo filamu inakata kwa kina zaidi kuliko ile ya 1962, maana inakataa tumaini kwamba kuijua habari sahihi kunazuia bunduki.

Udhaifu wake uko katika onyesho la baa. Munny anarudi kulipiza kifo cha Ned, anamuua mwenye danguro asiye na silaha, kisha wengine wanne, na ukumbi unashangilia kama ulivyomshangilia Ringo. Eastwood anajua hivyo. Moshi unapotulia, Beauchamp anajitokeza hai na kuuliza ni nani aliyepigwa kwanza na kwa mpangilio gani. Munny anajibu kwamba alibahatika katika mpangilio, na kwamba siku zote amekuwa na bahati katika kuua. Hakuna ustadi wa kuandika. Kisha maandishi ya mwisho yanapita juu ya kaburi la mkewe, yakisema kuwa aliondoka na watoto, na kwamba baadhi ya watu walisema alikwenda San Francisco, ambako ilivumishwa kuwa amefanikiwa katika biashara ya nguo.