Tairi Lililopasuka Silo Lililougua

Babati ni mji wa njia panda. Malori ya Singida, ya Dodoma kupitia Kondoa na ya Arusha hukutana hapa, mengi yakiwa yamejaa mahindi au mbaazi, na yale yaelekeayo kaskazini hushuka kwenda Magugu kwenye joto kali kuliko yaliloliacha nyuma. Ndiyo maana mafundi tairi wa mjini hawakosi kazi. Tairi lililopasuka likishushwa kibandani huwa limeshapewa hukumu yake njiani. Dereva anasema aligonga jiwe, mwenye gari anasema aliuziwa tairi feki, na utingo ananyamaza, maana asubuhi yeye ndiye aliyeligonga kwa nondo na kusema upepo uko sawa. Fundi hulitupa kwenye lundo na kufunga jingine.

Lundo hilo ni ushahidi unaopotea. Tairi lililopasuka linaweza kueleza lililolipata, ila si kupitia tundu ambalo kila mtu anakimbilia kulitazama. Tundu huonyesha upepo ulitokea wapi. Ugonjwa ulianzia wapi ni swali jingine, na jibu lake huwa ndani, kwenye ngozi inayozuia upepo. Mimi huanza hapo: nalifungua tairi, nalipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha nalizungusha polepole juani. Natafuta jambo moja kwanza: alama zimezunguka tairi lote au ziko mahali pamoja?

Alama zinazozunguka tairi lote huelekeza kwenye joto. Tairi la lori lenye kipenyo cha mita moja hivi huzunguka kama mara 300 kwa kila kilomita, kwa hiyo kutoka Babati hadi Arusha huzunguka karibu mara 50,000. Kila mzunguko, sehemu inayokanyaga chini hukunjika na kunyooka. Upepo ukiwa wa kutosha mkunjo ni mdogo. Upepo ukipungua ubavu hukunjika sana, na nguvu inayotumika kuukunja hugeuka joto ndani ya raba, ambayo haipitishi joto kwa urahisi. Raba yenyewe ilipikwa kiwandani kwa joto la nyuzi 150 hivi ili iwe imara. Ikipikwa mara ya pili barabarani inaharibika: hunata, hubadilika rangi, na huachia nyuzi ilizoshika.

Ndani ya tairi la namna hiyo utaona mikunjo kwenye ngozi, sehemu ya juu ya ubavu, imejipanga mzunguko mzima. Rangi huwa nyeusi zaidi au ya samawati. Mara nyingi kuna unga wa raba uliosagika, na ukipitisha kidole kinakwama. Kwenye matairi ya magari madogo, ambayo nyuzi zake za ubavuni ni za poliesta, nyuzi huning'inia zikiwa wazi, na ncha zake zimeyeyuka zikawa ngumu. Tairi la lori lina waya za chuma ubavuni, nazo hufa kwa uchovu, kama waya unaokunja na kukunjua mkononi mpaka ukatike. Zikishakatika kadhaa, zilizobaki hubeba mzigo wa zilizokatika, na siku moja ubavu mzima hufunguka kwa mstari mmoja, kuanzia sentimita 25 hivi hadi karibu mita moja.

Sasa mtego. Tairi lililopasuka kwa sababu yoyote ile litaendelea kuzunguka bila upepo kabla gari halijasimama. Kwenye ekseli ya nyuma yenye matairi mawili mawili, dereva anaweza kwenda kilomita kadhaa bila kujua, kwa kuwa pacha lake limelibeba gari. Muda huo tairi lililokufa husagwa baina ya rimu na lami, na likifika kwa fundi lina alama za joto tele hata kama lilikufa kwa msumari. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakiona raba iliyoungua na kuhukumu papo hapo kwamba upepo ulikuwa mdogo.

Njia ya kutenganisha mambo hayo ni kutafuta alama zinazohitaji muda mrefu. Tazama mdomo wa tairi, pale unapokaa kwenye rimu. Tairi lililotembea kwa wiki nyingi likiwa na upepo mdogo au mzigo uliozidi huchongwa mfereji na ukingo wa rimu, na mfereji huo huzunguka sawasawa. Kisha tazama kashata: za mabegani zitakuwa zimeisha kuliko za katikati, pande zote mbili. Mambo hayo mawili hayawezi kutokea ndani ya kilomita mbili za kukokotwa. Uharibifu wa baada ya kupasuka una sura nyingine: michubuko mikali ya nje, ubavu uliokatwa na ukingo wa rimu, na raba iliyochanika bila mpangilio. Kama mdomo ni safi na kashata zimelika sawasawa, alama za joto huenda zilikuja baada ya kifo.

Alama zikiwa mahali pamoja, habari hubadilika. Gari lenye mzigo likiingia kwa mwendo kwenye shimo lenye kingo, au likikanyaga jiwe, tairi hubanwa ghafla kupita uwezo wa nyuzi zake. Ndani utakuta mpasuko wenye umbo la X au nyota, na ngozi iliyobaki ni safi kabisa, haina mikunjo wala unga. Nje huenda usione kitu zaidi ya mchubuko mdogo, maana raba inanyumbuka lakini nyuzi hazinyumbuki kiasi hicho. Tairi likibanwa mpaka rimu ikagusa, kunakuwa na majeraha mawili yanayoelekeana, na rimu yenyewe inapinda. Kwa hiyo fundi anayeletewa tairi peke yake, bila rimu, ameletewa nusu ya maelezo.

Pigo pia halilazimiki kuua siku hiyo hiyo. Nyuzi zinaweza kukatika leo, uvimbe ukatokea ubavuni wiki ijayo, na tairi likapasuka kwenye lami nyororo ambako hakuna hata kokoto. Dereva ataapa kwamba hakugonga kitu, na atakuwa anasema kweli kuhusu siku hiyo.

Aina ya tatu ni ile inayoacha mabaki barabarani: mgongo wa tairi umebanduka mzima, na tairi lenyewe wakati mwingine bado lina upepo. Hapa usitupe kipande kilichobanduka. Ukiweza, rudi ukakiokote, kwa sababu nyuso mbili zilizoachana ndizo zenye jibu. Raba iliyochanwa kwa nguvu wakati wa kubanduka huwa na uso wa kukwaruza, mbichi. Raba iliyokuwa imeachia zamani huwa laini na inang'aa, kwa kuwa mikanda ya waya ilisuguana humo ndani siku nyingi. Uso laini ukiwa mpana kuliko ule wa kukwaruza, tairi hilo lilikuwa limeharibika kabla ya safari, na huenda lilikuwa likitikisa gari huku dereva akilaumu balansi.

Kutu nayo huzungumza. Ikizunguka tundu moja la msumari na kuenea kwenye waya, maji yaliingia hapo. Mara nyingi ni pancha iliyozibwa kwa kuchomeka raba kutoka nje bila kulivua tairi. Na kama tairi ni la kubandikwa upya, angalia kama uso ulioachana ni ule uliokwanguliwa wakati wa kubandika. Ukiona mistari ya kukwangua ikiwa safi, gundi haikushika. Ukiona waya za tairi la asili, aliyebandika hana kosa.

Hata hivyo kubanduka si sababu, ni matokeo, na matokeo hayo yana wazazi wengi. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliagiza yarudishwe matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, kwa sababu ya migongo iliyokuwa ikibanduka. Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama. Ford ilikuwa imeelekeza upepo wa psi 26, Firestone ikashikilia psi 30, na upande wa pili palikuwa na kiwanda cha Firestone cha Decatur ambako sehemu kubwa ya matairi yenye tatizo ilitoka. Upepo mdogo na udhaifu wa kutengenezwa huishia kwenye ukingo ule ule wa mkanda wa waya.

Tuchukue lori la matairi kumi lililotoka Babati na mahindi, likapasua tairi la nje, nyuma kulia, baada ya Magugu. Maelekezo ya matairi hayo ni psi 110. Tairi lililopasuka lina ubavu uliochanika, lakini ngozi ya ndani haina mikunjo iliyojipanga. Kwenye mabega, kingo za mikanda zimeachia na kung'aa, upana wa vidole viwili, mzunguko mzima. Hakuna nyota ya pigo, na rimu imenyooka. Mtu wa haraka ataandika kwamba tairi lilikuwa bovu. Mimi ningeomba kuliona pacha lake la ndani, lile ambalo bado limesimama.

Geji inaonyesha psi 65. Valvu inavuja polepole. Ukilivua unakuta mikunjo, unga na rangi ya samawati. Hilo ndilo lililougua. Lilipopoteza upepo lilijiinamia na kumwachia jirani yake mzigo, na aliyefuata maelekezo ndiye aliyepasuka. Nondo ya utingo isingeweza kugundua, kwa kuwa tairi la psi 65 na la psi 110, yakiwa yamebanana hivyo, hulia karibu sawa. Jambo hili hili liliangusha ndege iliyokuwa ikiwarudisha mahujaji wa Nigeria kutoka Jeddah, Julai 11, 1991. Tairi moja lilikuwa na upepo pungufu, mwenzake kwenye ekseli ile ile akazidiwa na kupasuka wakati wa kuruka, moto ukazuka, na watu wote 261 wakafa.

Sasa fundi wa kando ya barabara amebakiwa na pacha la psi 65, na kawaida atabadilisha valvu, atalijaza mpaka 110 na kulirudisha. Hapo ndipo pana hatari kuliko pote. Kanuni inayotumika sana duniani husema tairi la lori lililotembea likiwa na 80% ya upepo wake au chini ya hapo lihesabiwe kuwa limeharibika mpaka likaguliwe ndani. Kwa tairi letu kikomo ni psi 88. Waya zilizochoka hazifunguki tairi likiwa legelege. Hufunguka linapojazwa, na ubavu hufunguka usoni pa aliyeshika mpira wa kompresa. Kwa hiyo pini ya valvu hutolewa na upepo wote kuisha kabla nati ya kwanza haijalegezwa. Tairi likionyesha mikunjo mzunguko mzima halirudi barabarani. Likionekana zima, hujazwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, fundi akiwa amesimama mbali na ubavu, masikio wazi. Akisikia kitu kinakatika ndani, aache kujaza, autoe upepo akiwa mbali, na asilisogelee mpaka uishe wote.