Imani au Hofu? Uhakiki wa Kipimo cha Imani kwa Taasisi za Umma
Tafiti nyingi za siasa barani Afrika hupima imani kwa taasisi za umma kwa swali la Afrobarometa, linalomtaka mhojiwa aseme anawaamini kwa kiasi gani rais, bunge, polisi na mahakama. Majibu hupewa alama kuanzia 0, yaani haamini kabisa, hadi 3, yaani anaamini sana, kisha hutafutwa wastani. Alfa ya Cronbach ikizidi 0.7, kipimo huhesabiwa kuwa thabiti. Hapo ndipo penye kasoro. Alfa huonyesha kwamba majibu yanakwenda pamoja. Haionyeshi kwa nini. Mhojiwa mwenye hofu anayejibu “sana” kwa kila taasisi huipandisha sawasawa na mwenye imani ya kweli. La ajabu ni kwamba hojaji hiyohiyo, mwishoni, huuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma wadadisi, na wengi hutaja serikali. Jibu hilo aghalabu hupuuzwa. Ilipasa wastani wa waliotaja serikali ulinganishwe na wa wasioitaja. Pengo likibaki hata baada ya kudhibiti elimu, makazi na chama, huenda alama zimebeba hofu pia, na nchi yenye wastani mkubwa haiwezi kutangazwa kuwa yenye imani zaidi.