Gundi si dawa ya kila bedi: kioo, PEI laini na PEI ya chengachenga kwa mchapaji wa Dar

Kuna ushauri mmoja utakaousikia kila unapotaja printa ya 3D hapa mjini, uwe Kijitonyama, Mbagala au Tegeta: "Haishiki? Paka gluu stiki." Una ukweli nusu, na nusu iliyobaki imeharibu vioo na mabati mengi. Leo tuukosoe huo ushauri taratibu, maana anayeufuata kwa kila plastiki na kila bedi hatimaye hubaki na bedi lenye mashimo.

Swali lenyewe ni hili: kipande unachochapa kinatakiwa kishike bedi kwa nguvu kiasi gani? Jibu la haraka ni "kadiri iwezekanavyo", na hapo ndipo kosa linapoanzia. Kipande kinatakiwa kishike wakati kinachapwa, kisha kiachie ukimaliza. Kwa hiyo gundi ina kazi mbili zinazopingana. Kuna mahali inasaidia kushika, na kuna mahali inasaidia kuachia. Wanaosema "paka tu" hawasemi wewe upo upande gani.

Tuanze na kioo, maana ndicho cha bei nafuu na ndicho unachoweza kukipata popote. Buni Hub, pale COSTECH Kijitonyama, na STICLab walishaonyesha kwamba printa ya 3D inaweza kuundwa hapahapa Dar kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki. Kwa anayejenga ya aina hiyo, bedi rahisi kuliko yote ni kipande cha kioo cha dirisha alichokatiwa na fundi vioo. Ubora wake mkubwa ni unyoofu: kioo hakipindi kama bati, na upande wa chini wa kipande chako utang'aa kama sahani.

PLA juu ya kioo kilichopashwa hadi nyuzi 60 za Selsiasi hushika vizuri, mradi kioo kiwe safi. Usafi wenyewe unaupima kwa maji. Mwagia kioo maji kidogo. Yakitandaa kama utando mmoja, kioo ni kisafi. Yakijikusanya kuwa matone, kuna mafuta, mara nyingi ya vidole vyako. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji, suuza sana, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na usikishike tena katikati. Alkoholi ya isopropili ni nzuri kwa kufuta kati ya chapa na chapa, ila usitumie sanitaiza ya mikono. Nyingi zina gliserini, ambayo hubaki juu ya kioo na kukirudisha kwenye utelezi uleule. Ukishafanya hayo yote na kona bado zinanyanyuka, hapo gluu stiki ina kazi halali: kushikisha.

Sasa badilisha plastiki. Chukulia fundi wa Mbagala anayetaka kuchapa kifuniko cha boksi la betri chenye urefu wa milimita 150. Hatumii PLA, kwa sababu hulainika karibu na nyuzi 60 na boksi litakaa juani. Anachukua PETG, bedi linawekwa nyuzi 80, na kioo ni kisafi kama alivyoambiwa. Kinashika vizuri mno. Anasubiri kipoe, anavuta, na kifuniko kinatoka na kipande cha kioo. Ukitazama shimo lililobaki utaona limechongeka kwa mikunjo ya duara kama ganda la chaza. Hiyo ndiyo alama yake. Gundi iliyozidi huacha mabaki unayoweza kuyaosha, lakini hapa kioo chenyewe kimevunjika, kwa kuwa mshiko wa PETG ulikuwa na nguvu kuliko kioo.

Kwa nini kivunjike wakati wa kupoa? Vitu vyote viwili vinasinyaa, ila si kwa kiasi kimoja. PETG husinyaa takriban milimita 0.06 kwa kila mita moja kwa kila nyuzi moja ya joto, na kioo cha dirisha takriban milimita 0.009. Kutoka nyuzi 80 hadi nyuzi 30 za chumba chetu ni tofauti ya nyuzi 50. Kifuniko cha milimita 150 kinataka kusinyaa kama milimita 0.45, na kioo chini yake milimita 0.07 tu. Tofauti ya karibu milimita 0.4 lazima imalizwe na mtu. Mshiko ukiwa wa wastani, kipande kinateleza na kuachia chenyewe, tena mara nyingine unasikia "tak!" Mshiko ukiwa mkali kupita kiasi, kinachoachia ni kioo.

Basi gundi ya fundi huyu ina kazi tofauti kabisa. Anaipaka ili iwe utando kati ya PETG na kioo, utando dhaifu utakaochanika kabla kioo hakijachanika. Apake mpako mmoja mwembamba, autandaze kwa kitambaa kilicholowa kidogo, auache ukauke ndipo apashe. Akimaliza, maji ya uvuguvugu yanauondoa wote. Gundi ileile iliyokuwa ya kushikisha PLA, hapa ni ya kuachisha PETG. Ushauri wa "paka gluu" ulikuwa sahihi kwa bahati tu.

Na hali ya hewa yetu imo kwenye hesabu hii. Mafunzo mengi ya mitandaoni yanasema: "Subiri bedi lipoe hadi joto la chumba, kipande kitaachia chenyewe." Yametengenezwa kwenye vyumba vya nyuzi 20. PLA ikipoa kutoka 60 hadi 20 inapata nyuzi 40 za kusinyaa. Temeke, chumba kikiwa nyuzi 30, inapata 30 tu. Ni robo pungufu ya ile nguvu ya kujiachia. Faida ni kwamba kona hazinyanyuki sana. Hasara ni kwamba kipande kinakataa kutoka, na mtu anachukua spachula. Ukikwama hivyo, toa kioo, kiache kipoe kabisa mezani, ndipo ukiweke kwenye friji kwa muda. Kioo cha dirisha usikitoe kwenye bedi la moto moja kwa moja hadi kwenye friza, kinaweza kupasuka.

PEI laini nayo ina tabia inayokaribiana na kioo, ila hasara yake haionekani mapema. Prusa MK3, iliyotoka mwaka 2017, ndiyo iliyozoesha watu wengi bati la chuma linaloshikwa na sumaku, lenye utando wa PEI juu yake: unalitoa, unalikunja kidogo, kipande kinaruka. Kwa PLA hili ni tamu. Halihitaji gundi hata kidogo, linahitaji kufutwa kwa alkoholi tu. Ukipaka gundi juu yake kwa ajili ya PLA unaharibu sehemu iliyokuwa inafanya kazi vizuri. Lakini PETG na TPU, ile plastiki inayonyumbulika kama mpira, huling'ang'ania hadi kuchuna utando. Ukiona kiputo kidogo au doa lililofifia umbo la kipande chako, ujue kuchunika kumeanza. Kwa plastiki hizo mbili lazima utandaze gundi nyembamba kwanza, kwa sababu ileile ya fundi wetu.

Sasa bati la chengachenga, lile lenye uso kama msasa laini. Siri yake ni kwamba PETG haiingii kwenye mabonde yote ya uso huo, kwa hiyo eneo linalogusana ni dogo. Ndiyo maana fundi wa Mbagala angeweza kuchapa kifuniko chake bila gundi yoyote na kukitoa kwa kukunja bati. Likisifiwa kwa hilo, sifa inastahili. Ninapolikosoa ni pale linapouzwa kama bedi la kila kitu. PLA yenye kitako kidogo, mathalani vigingi vya milimita 5, hung'oka kirahisi juu yake, ukalazimika kuongeza ukingo mpana wa tabaka la kwanza. Pia ukihamisha bati laini ukaweka hili, urefu wa nozeli uliopanga haufai tena. Lazima uishushe kidogo hadi plastiki ijaze mabonde, na ukirudisha bati laini uipandishe, la sivyo itakwaruza. Na asetoni usiliguse nayo. Inaharibu mpako wake.

Kuna jambo moja ambalo kwetu ni la msingi: umeme kukatika. Printa nyingi za bei nafuu, Ender-3 ikiwemo, zina uwezo wa kukumbuka zilipofika na kuendelea umeme ukirudi. Lakini umeme ukikatika bedi linapoa, na tumeshaona bedi likipoa nini hutokea: kipande kinajiachia. Kadiri uso unavyosifiwa kwa kuachia kirahisi, ndivyo uwezo huo wa kuendelea unavyokuwa hauna maana. Printa inarudi mahali sahihi kabisa, kipande kimeshasogea milimita mbili.

Hapa kioo kinajitetea. Kioo cha milimita 4 kwa bedi la sentimita 23.5 kwa 23.5 kina uzito wa zaidi ya nusu kilo, na uzito huo unatunza joto kwa muda mrefu kuliko bati jembamba. Kukatika kwa dakika chache kunaweza kuvumilika. Kwa saa nzima, hakuna uso utakaokuokoa. Umeme ukirudi, kabla ya kubonyeza "endelea", sukuma kipande taratibu kwa kidole. Kikicheza hata kidogo, futa kazi hiyo uokoe plastiki iliyobaki.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kama unachapa PLA tu, vipande vya kujifunzia na vya maonyesho, chukua kioo au PEI laini, na gluu stiki ibaki droo. Kama unachapa vitu vya kazi kwa PETG, nunua bati la chengachenga na utenge muda wa kupanga upya urefu wa nozeli. Kama una kioo tu na PETG ndiyo kazi iliyokuja, paka gundi, ukijua unaipaka ili kipande kitoke. Na mtu akikuambia "paka gluu", muulize kwanza swali moja: ya kushikisha au ya kuachisha? Asipojua, chupa ya alkoholi na sabuni ya vyombo zitakufaa zaidi kuliko ushauri wake.