Nani Amekaza Vyuma? Sarufi ya Mzaha wa Ukata

Bei zinapopanda, watu hutunga semi za kuzicheka. Yafaa tuzihakiki semi tatu kwa kuangalia muundo wake, kwani muundo ndio unaoamua ni nani atakayecheka pamoja na nani.

Ya kwanza ni sukuma wiki, jina walilolipa Wakenya mboga ya majani ya bei nafuu. Ni kitenzi cha amri na yambwa yake. Wiki imefanywa gari lililokwama, na kila mwenye chungu ameitwa kulisukuma. Anayeinunua hakiri kwamba mfuko umekauka. Ametaja mboga tu, na jirani ameelewa.

Ya pili ni ukapa. Wakati wa urais wa Benjamin Mkapa, kati ya 1995 na 2005, baadhi ya Watanzania waliuita ukosefu wa fedha kwa jina hilo. Herufi M ya jina la mtu ilichukuliwa kana kwamba ni kiambishi cha ngeli, ikaondolewa na kuwekwa U, kama vile mzee azaavyo uzee. Mzaha huu una mlengwa: huwaunganisha walio chini kwa kumwelekea aliye juu.

Ya tatu, vyuma vimekaza, ilienea Tanzania katika miaka iliyofuata 2015. Kwa kawaida kitenzi kaza huwa na mtendaji na yambwa: fundi amekaza nati. Hapa fundi ametoweka, na vyuma vyenyewe vimekuwa kiima. Tuseme mtu ameombwa mchango wa harusi, naye amebakiwa na nauli tu. Akijibu, "Sina," amejifedhehesha na kumvunja moyo mwombaji. Akijibu, "Ndugu yangu, vyuma vimekaza," ukata umekuwa wa wote, mithili ya kiangazi. Mwombaji hucheka, husema, "Hata kwangu," na hakuna aliyeona haya. Undugu umesalimika ingawa mchango haukupatikana.

Lakini uzuri huo ndio udhaifu wake. Pasipo mtendaji, hapana wa kuulizwa. Mwajiri anayechelewesha ujira aweza kuwaambia vibarua wake maneno yale yale, akajificha miongoni mwa wanaoumia. Ukapa haukumpa mkubwa maficho ya namna hiyo, kwa kuwa jina la mkubwa lilikuwa ndani ya neno. Dalili ya mzaha ulioharibika ni jibu lake: vibarua hawatasema, "Hata kwangu." Watanyamaza, na msemaji atacheka peke yake.

Kwa hiyo mwalimu anapofundisha kauli ya kutendwa, awape wanafunzi usemi huu waugeuze: vyuma vimekazwa na nani? Baadhi watajibu ukame, wengine serikali, wengine wafanyabiashara, na ubishi utazuka. Mzaha uliwaruhusu wote kucheka bila kukubaliana juu ya sababu. Huo ndio umoja wake, na mpaka wake ni hapo.