Ombi lililojificha kwenye herufi ya 262

Katibu wa ushirika mmoja wa wafugaji aliniletea ujumbe aliotaka kuwatumia wanachama 300, akalalamika kwamba mtandao umemkadiria SMS sita kwa kila mtu. Ulisomeka hivi:

"Habari za leo ndugu mwanachama. Uongozi wa ushirika wetu unapenda kukutaarifu kuwa kutakuwa na zoezi la chanjo ya ng’ombe litakalofanyika siku ya Jumamosi tarehe 14 kuanzia saa 1 kamili asubuhi katika josho la kijiji. Gharama ni shilingi 1000 kwa kila ng’ombe. Unaombwa kuleta ng’ombe wako wote wenye umri wa zaidi ya miezi 6 bila kukosa. Asante kwa ushirikiano wako."

Ukihesabu na nafasi, hizo ni herufi 367. SMS moja hubeba baiti 140, ambazo ni herufi 160 za kawaida. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande, na kila kipande hutoa nafasi kidogo kwa ajili ya maelezo ya kuviunganisha, kwa hiyo hubaki herufi 153. Kwa hesabu hiyo ujumbe wa katibu ulipaswa kuwa SMS tatu. Sita zilitoka wapi?

Zilitoka kwenye ng’ombe. Katibu aliandika kwenye kompyuta, nayo ikaipinda ritifaa. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha ya alama za kawaida za simu; iliyopinda haimo. Ikiwepo moja tu, ujumbe mzima huhamia mfumo unaotumia baiti mbili kwa kila herufi, na SMS moja hubeba herufi 70, au 67 kwa kila kipande. Dalili yake ni rahisi kuiona: kihesabu cha herufi huporomoka ghafla mara unapoandika alama hiyo.

Kunyoosha ritifaa kungepunguza gharama kwa nusu, lakini kasoro kubwa ingebaki. Ombi lenyewe, "Unaombwa kuleta", linaanza kwenye herufi ya 262. Mfugaji anayetazama mstari wa kwanza tu kwenye kioo cha simu anaona salamu na neno "uongozi". Kwa hiyo tulianza na swali moja: msomaji afanye nini? Alete ng'ombe. Kitenzi hicho kikawa neno la kwanza, kisha tukapima kila kilichobaki kwa kujiuliza: neno hili likikosekana, ng'ombe atashindwa kufika josho?

Maneno ya kutangaza kwamba kuna tangazo yaliondoka yote, kwa kuwa ujumbe ukishafika umeshataarifu. "Zoezi" na "litakalofanyika" yakafuata. "Wenye umri wa zaidi ya", herufi 22, ikawa "waliozidi", herufi tisa. Kiswahili hukuruhusu kubana sentensi ndani ya kitenzi bila kukata irabu na kuandika mafumbo. Salamu na shukrani zilitupa taabu, maana ni adabu. Ningemwandikia mzee mmoja, "Shikamoo" isingetoka. Kwa watu 300 wa rika zote, adabu ni kutowapotezea muda.

Vitu vitatu tulikataa kuvikata. Siku na tarehe vilibaki pamoja, ili kimoja kikikosewa kingine kimshtue msomaji. "Asubuhi" ilibaki, kwa sababu saa 1 ipo ya jioni pia. Na jina la mtumaji likabaki, maana ujumbe unaotaja fedha bila mwenyewe hufanana na wa matapeli wa "tuma kwenye namba hii". Kukata kulifichua hata pengo: katibu hakuwa ameandika saa ya kumaliza. Huu ndio ujumbe tuliotuma:

"Leta ng'ombe wa kuchanjwa Jumamosi 14, saa 1-4 asubuhi, josho la kijiji. Wote waliozidi miezi 6. Sh 1000 kila mmoja. Katibu, Ushirika"

Herufi 133. Herufi 38 za mwanzo zinabeba ombi na siku yake, na umri na bei vimekaa nyuma kwa kuwa anayevihitaji ni yule aliyekwisha kuamua kuja. Nafasi 27 zilizosalia tuliziacha wazi. Kuzijaza si lazima. Ila ritifaa ya ng'ombe ingepinda tena, ujumbe huohuo ungehesabiwa SMS mbili, kwa hiyo tuliiandika upya kwa simu kabla ya kutuma.

Kwa wanachama 300, SMS 1,800 zimekuwa 300.